Mrija wa machozi ulioziba kwa mtoto mchanga

Machozi yana njia yake ya kutokea. Tukipepesa macho, huingia kwenye vitundu viwili vidogo kwenye kona ya ndani ya kope, hukusanyika katika kifuko kilicho pembeni mwa pua, kisha hushuka kwa mrija hadi puani. Baadhi ya watoto huzaliwa mwisho wa mrija huo ukiwa bado umezibwa na utando mwembamba. Machozi yanakosa pa kupita, yanafurika.

Tuseme mtoto ana wiki sita. Jicho la kushoto linalengalenga hata asipolia, na asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Ukizifungua, ndani ni kweupe, kope hazijavimba, naye ananyonya vizuri. Hiyo ndiyo sura ya mrija ulioziba. Mirija mingi hufunguka yenyewe kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja.

Kukanda husaidia, ila wengi hukanda mahali pasipo. Nawa mikono, hakikisha kucha ni fupi. Weka ncha ya kidole kati ya kona ya ndani ya jicho na mfupa wa pua. Hapo ndipo kilipo kifuko. Bonyeza kwa uthabiti bila kumuumiza, kisha teleza kuelekea chini kando ya pua. Rudia mara tano hadi kumi, mara mbili hadi nne kwa siku; wakati wa kunyonyesha unafaa, maana huwa ametulia. Kupapasa ngozi juu juu hakufui dafu: kinachotakiwa ni msukumo wa machozi yaliyo ndani, ndio unaoweza kuupasua utando. Tongotongo likitoka kwenye kona unapobonyeza, usiogope, kifuko kinajimwaga. Lifute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba mpya kwa kila mfuto. Jicho lenyewe usilibonyeze kamwe, wala usitie maziwa ya mama, chai au dawa ya majani.

Umri hubadilisha uamuzi. Mtoto ambaye hajafikisha siku 28 akitokwa na usaha, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kope zikiwa zimevimba au jicho jekundu. Huenda ni maambukizi aliyoyapata wakati wa kuzaliwa, kama kisonono au klamidia, na kisonono kinaweza kumpofusha ndani ya siku chache. Hata kama alipakwa dawa ya macho alipozaliwa, mpeleke.

Kwa umri wowote, acha kukanda na uende haraka ukiona uvimbe mwekundu au wa bluu kwenye kona ya ndani, au homa. Mtoto anayeukimbia mwanga, au mwenye jicho lililo kubwa kuliko kawaida au lenye ukungu kwenye mboni, huenda ana presha ya macho, na hilo kukanda hakuliponyi. Akifikisha mwaka bado linatiririka, omba rufaa kwa daktari wa macho: huuzibua mrija kwa kupitisha kijiti chembamba cha chuma, mtoto akiwa amelazwa usingizi.