Mudi wa Dunda na Mohamedi wa kwenye cheti

Dhana: jina la utani mtu hujipa mwenyewe.

Wengi hujaribu, wachache hufanikiwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa, tunamjua kwa Tippu Tip. Yeye alidai jina limetokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wakasema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Mwenye jina hana kauli ya mwisho.

Majina ya kufupisha ndiyo yana utaratibu, ingawa hakuna aliyetufundisha. Rashidi ni Chidi, Khadija ni Dija, Abdallah ni Dula, Ramadhani ni Rama, Mohamedi ni Mudi. Mara linakatwa mbele, mara nyuma, lakini silabi zinabaki mbili, ya kwanza ndiyo yenye mkazo. Yaani jina linalokaa vizuri ukimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Dhana: Bagamoyo nzima ikinijua kwa jina hilo, basi ndilo langu kisheria.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Mtumie pesa Mama Zuhura wa pale sokoni, uone simu inavyokuletea jina usilolijua, ukabaki unajiuliza kama umekosea namba. Hukukosea. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hakimjui Zuhura.

Chukua kijana wa Dunda, kata ya hapo Bagamoyo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi Hamisi. Shuleni mwalimu aliandika alichokisikia, Mudi Hamisi, na cheti cha kidato cha nne kikatoka hivyo. Miaka inapita kimya, mpaka siku ya kuomba kazi au pasipoti, karani anaweka karatasi mbili mezani na kumwuliza huyu wa pili ni nani.

Dhana: kiapo cha wakili kinamaliza kila kitu.

Inategemea anachotaka. Kama anabaki Mohamedi, na shida ni karatasi moja tu, kiapo kinachoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja mara nyingi humsaidia, ingawa ofisi nyingine hukikataa. Kama anataka kuwa Mudi moja kwa moja, anahitaji hati ya kubadili jina. Humo anatamka kwamba analiacha la zamani na kulichukua jipya, anasaini mbele ya wakili, kisha hati inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, Wizara ya Ardhi. Kosa la kawaida ni kuishia kwa wakili: mhuri upo, usajili haupo, na hati inarudishwa dirishani.

Ikishasajiliwa, anaanza na kitambulisho cha taifa. Benki na simu hufuata. Cheti cha shule anakiacha kilivyo, ila kila anapokwenda nacho anakiambatanisha na ile hati.

Nyumbani, mama yake hajawahi kumwita Mudi.