Sita Mwisho wa Fungu, Usisite Katikati

Wiki iliyopita nilikuwa nikifanya mazoezi na muuguzi mmoja wa Kisauni anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza. Tulikuwa sehemu ya pili ya mtihani wa kuzungumza: unapewa kadi, dakika moja ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako dakika moja hadi mbili. Kadi ilimtaka aeleze mtu mzima anayemheshimu, akamchagua bibi yake. Nikamrekodi kwa simu, tukasikiliza.

Alisita mara nyingi, na hilo peke yake si kosa. Hata vigezo vya alama 9, ya juu kabisa, vinamruhusu msemaji kusita, mradi anafikiria la kusema, si kuhangaikia neno au sarufi. Mtahini haoni kilichomo kichwani mwako. Dalili yake kubwa ni mahali unaposita. Dada huyu alisema hivi, naligeuza kwa Kiswahili: “Bibi alikuwa akiuza... eee... mahamri kwenye... nini hii... stendi ya... eee... matatu.” Kila kimya kimekata fungu la maneno katikati, kwa hiyo kinasikika kama msamiati umemwishia.

Tukavihamisha vimya vile. “Bibi alikuwa akiuza mahamri. Aa, hebu nikumbuke ilikuwa wapi... ndio, kwenye stendi ya matatu.” Muda ni uleule, lakini sasa anasikika akikumbuka.

“Yaani” na “nini hii” hututoka hata tukizungumza Kiingereza. Tafuta wenzao wa Kiingereza watatu au wanne, uwabadilishe, kwa sababu kijazo kimoja kikitangulia kila sentensi nacho huwa dosari. Na usiulizwe unaishi wapi ukaanza na “hilo ni swali la kufikirisha.” Nani hufikiria anakoishi?

Kujisahihisha kuna mtego wake kwetu sisi Waswahili. “Yeye” wetu hana jinsia, basi bibi akawa mwanamume kila baada ya sentensi mbili. Dada alipojigundua aliomba radhi, akarudi mwanzo wa sentensi, akairudia yote. Hapo ndipo alama zinapopotea: vigezo vya alama 7 vinavumilia kujisahihisha kwa hapa na pale, lakini kwenye alama 5 kunatajwa kama njia ya msemaji kujikokota mbele. Nilimwambia atamke kiwakilishi sahihi palepale, mara moja, bila radhi, aendelee na neno linalofuata. Akigundua kosa akiwa ameshalipita sentensi mbili, aliache. Ila kama limegeuza maana, hapo arudi.

Rekodi ya pili alimfanya bibi mwanamume mara mbili. Mara ya kwanza alirekebisha kwa neno moja. Ya pili aliigundua akiwa ameshafika kwenye bei ya mahamri, nikamwona akifumba macho kidogo, akaendelea na bei.