Sayari ipi ndiyo kubwa wa chati? Dhana potofu kuhusu nyumba za pembe

Ukikaa na watu wa nyota hapa Mombasa, hukumu huja upesi: sayari iko nyumba ya pembe, basi ndiyo kubwa wa chati, iko nyumba ya kuteremka, basi imekufa. Hukumu hiyo ina ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayopoteza watu. Nitazungumzia kanuni za fani yenyewe. Kwamba masheikh wengi wa Pwani wanaukataza unajimu, na kwamba wanasayansi hawaukubali, hayo yanajulikana wala sina haja ya kuyabishania hapa.

Kwanza tuelewane. Digrii ya buruji inayochomoza mashariki wakati wa kuzaliwa naiita mchomozo. Ile iliyofika juu kabisa, kwenye mstari wa kaskazini na kusini, naiita kilele. Hizo mbili, pamoja na nukta zinazozikabili, ndizo pembe nne, na anga lote limegawanywa sehemu 12 ziitwazo nyumba. Nyumba ya 1, 4, 7 na 10 ni za pembe, 2, 5, 8 na 11 ni za kufuatia, na 3, 6, 9 na 12 ni za kuteremka. Nyumba zinahesabiwa kuelekea chini kutoka mchomozo, lakini anga lenyewe linazunguka kinyume cha hesabu hiyo. Sayari iliyo nyumba ya 2 inaelekea kwenye pembe. Ikishachomoza inaingia nyumba ya 12, yaani imeipita pembe na inaiacha nyuma. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata bila kukariri.

Tufanye kazi na chati ya kweli, unayoweza kuihakiki kwenye programu yoyote: Mombasa, tarehe 21 Machi 2018, saa 1:10 asubuhi. Mchomozo uko karibu digrii 11 za Punda (wengine husema Hamali), na kilele kiko karibu digrii 10 za Mbuzi. Jua ndiyo kwanza limeingia Punda, liko nyumba ya 12. Utaridi, kama digrii 17 za Punda, na Zuhura, kama 18, ziko nyumba ya 1. Mwezi uko digrii 15 za Ng'ombe, nyumba ya 2. Mshtarii uko digrii 23 za Nge, nyumba ya 8. Mirihi iko digrii 2 za Mbuzi na Zohali digrii 8 za Mbuzi, zote mbili nyumba ya 9 kwa mujibu wa programu.

“Namba ya nyumba inatosha”

Haitoshi, na Zohali ndiyo shahidi. Programu inaandika 9, na msomaji anaipitia haraka akijua 9 ni ya kuteremka. Lakini tazama digrii. Kilele kiko digrii 10 za Mbuzi na Zohali iko 8. Tofauti ni digrii 2 tu. Anga husogea digrii moja kwa takriban dakika 4, kwa hiyo Zohali ilikuwa kileleni penyewe dakika zisizofika 10 kabla ya mtoto kuzaliwa. Tangu Ptolemi wa Aleksandria, karne ya 2, wanajimu wengi wameacha nafasi ya digrii 5: sayari iliyo ndani ya digrii 5 kabla ya mwanzo wa nyumba huhesabiwa ya nyumba inayofuata. Zohali inakuwa ya 10.

Mirihi iko digrii 8 nyuma ya kilele, kwa hiyo kanuni hiyo haiifikii na inabaki ya 9. Sayari mbili zimeandikwa namba moja, na uzito wao umetofautiana mbali. Kosa hili hutokea upande wa pili pia: sayari iliyo digrii 27 ndani ya nyumba ya 10 imeandikwa pembe, lakini iko karibu zaidi na ya 11 kuliko ilivyo karibu na kilele. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba, pima umbali wa kila sayari kutoka pembe nne. Mimi huanza hapo kila mara, na hesabu ya nyumba huja baadaye.

“Pembe ni heri, kuteremka ni shari”

Pembe inaonyesha sayari ipi inasikika, haisemi kama inalosema ni zuri. Katika chati yetu Zuhura iko nyumba ya 1, digrii kama 6 chini ya upeo, karibu kuchomoza. Iko mbele ya watu. Lakini Punda ni buruji ambamo Zuhura haina raha, kwa sababu inakabiliana na Mizani, nyumbani kwake. Kwa hiyo mambo ya Zuhura, mapenzi na urembo na kutaka kupendwa, yataonekana wazi kwa mtu huyu, na mnajimu mwenye uzoefu atatarajia yaonekane kwa pupa kuliko kwa utulivu. Zohali kileleni ni hadithi nyingine: Mbuzi ni buruji yake mwenyewe, kwa hiyo ina sauti na ina mamlaka.

Jua nalo limo katika Punda, buruji linamotukuka, lakini nyumba ni ya 12. Mama akiuliza, “Maalim, Jua la mwanangu limezikwa?”, jibu la haki ni kwamba lina ubora ila halina jukwaa. Nguvu ya buruji na nguvu ya nyumba ni mizani mbili tofauti, na moja haifuti nyingine.

Hapo watu wa Mombasa hushangaa, kwa sababu mtoto amezaliwa asubuhi, jua linaonekana. Ukisimama Mama Ngina saa hiyo ukatazama baharini, Jua liko juu ya maji kiasi cha ngumi moja ukinyoosha mkono, kama digrii 11. Ndiyo maana hasa: limeshachomoza, limeipita pembe. Kuzaliwa muda mfupi baada ya macheo hulitia Jua nyumba ya 12, isipokuwa liko ndani ya zile digrii 5. Kwa hapa kwetu hizo ni kama dakika 20 za kwanza baada ya macheo.

“Ngazi ni tatu: pembe, kufuatia, kuteremka”

Mnajimu Mwingereza William Lilly aliacha jedwali la alama mwaka 1647, na ukilisoma ngazi hiyo inavunjika. Nyumba ya 1 na ya 10 zinapata alama 5. Ya 7 na ya 4 zinapata 4, lakini ya 11, ambayo ni ya kufuatia, nayo inapata 4. Ya 2 na ya 5 zinapata 3. Ya 9 inapata 2 na ya 3 inapata 1, ingawa ni za kuteremka. Ya 8 ni ya kufuatia, lakini inapunguza 2, sawa na ya 6. Ya 12 inapunguza 5.

Katika chati yetu, Zohali, Utaridi na Zuhura zinapata 5 kila moja, Mwezi 3, Mirihi 2, Mshtarii unapunguziwa 2 na Jua 5. Alama hizi si mwisho wa hukumu. Mirihi ina alama 2 tu, lakini ndiye mwenye buruji inayochomoza, na katika Mbuzi inatukuka. Kwa hiyo sitamwacha nje. Ukiniuliza kubwa wa chati hii, nitasema Zohali kwanza, kwa ukaribu wake na kilele na kwa kuwa nyumbani kwake. Kisha Mirihi na Utaridi zinashindana. Utaridi imekaribia kusimama kabla ya kurudi nyuma, na wengine huona kusimama huko kunaipa uzito zaidi. Zuhura ni ya nne machoni pangu, na mwenzangu anaweza kuipanga juu ya Utaridi bila kukosea.

Kuna jambo moja linalotikisa ngazi yote. Mwaka 1955 Mfaransa Michel Gauquelin alitoa hesabu zake za nyakati za kuzaliwa za watu mashuhuri, akidai kwamba sayari kama Mirihi, kwa wanariadha, hujazana mara tu baada ya kuchomoza na mara tu baada ya kupita kilele, yaani ndani ya nyumba ya 12 na ya 9. Hizo ndizo nyumba ambazo mapokeo yanaziita dhaifu. Matokeo yake yamebishaniwa vikali, na wanasayansi kwa jumla hawayakubali. Lakini mnajimu anayeyataja kama ushahidi wa nyumba za pembe ameyageuza.

“Chagua mfumo wowote wa nyumba, ni yale yale”

Kwa Mombasa kauli hii ni karibu kweli upande mmoja, na si kweli kabisa upande mwingine. Tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mifumo inayogawa anga kwa kufuata pembe nne inakaribiana sana. Robo ya chati huwa kati ya digrii 85 na 95 hivi. Aliyezaliwa London hana bahati hiyo. Lakini ukichukua mtindo wa buruji nzima, ambao Punda yote inakuwa nyumba ya 1, Jua linaruka kutoka ya 12 hadi ya 1, na Mirihi inaingia ya 10 pamoja na Zohali. Suluhisho la baadhi ya wanajimu ni kutumia buruji nzima kujua sayari inahusu jambo gani, na umbali kutoka pembe kujua ina nguvu kiasi gani. Naona ni busara.

“Programu haikosei”

Programu haikosei, anayeandika saa ndiye anayekosea. Mzazi anasema “saa moja na dakika kumi asubuhi”, na kijana anaandika 01:10 badala ya 07:10. Kosa ni la saa 6, robo ya mzunguko. Hapa karibu na ikweta sayari zilizokuwa pembeni zinabaki pembeni, ila pembe ni nyingine. Ukiandika 01:10 kwa chati yetu, Zohali inaachana na kilele ikakaa karibu na mchomozo, na Zuhura na Utaridi zinatoka nyumba ya 1 hadi ya 4. Orodha ya sayari zenye sauti ni ile ile, kwa hiyo chati inaonekana kama inamfaa mtu. Mambo yanayosemwa juu yake ndiyo yamehama: kazi na sifa zimekuwa mwili na tabia, sura imekuwa nyumba na wazazi.

Kugundua ni rahisi: tazama Jua. Aliyezaliwa saa moja asubuhi lazima Jua lake liwe juu ya upeo, nyumba ya 12. Kwa kosa hili litaonekana nyumba ya 3, chini ya ardhi. Aliyezaliwa adhuhuri Jua liwe karibu na kilele, na kumbuka Mombasa Jua hufika huko kama saa 6:20 mchana, kidogo mbele au nyuma kulingana na mwezi wa mwaka, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo 45 na sisi tuko karibu 39 na theluthi mbili. Likiwa limekaa penginepo, rudi kwa mzazi au kadi ya kliniki kabla ya kutaja sayari yoyote.