Lebo imebadilika, soko halijabadilika

Kila nikikaa na watu wa foreksi hapa Kisumu, nasikia lalamiko lile lile: "Roboti yangu inasema soko limetoka trendi likaingia renji, likarudi trendi, yote kabla ya saa sita mchana." Kisha mtu anamlaumu broka. Jamani, soko la euro na dola haligeuki hivyo. Kinachogeuka ni dirisha lako la hesabu, yaani ile mishumaa ya mwisho ambayo roboti inaipima, na hilo nataka tulimalize leo.

Tuchukue kipimo chepesi, uwiano wa mwendo. Unachukua umbali kati ya bei ya mwanzo na ya mwisho ya dirisha, unaugawanya kwa jumla ya hatua zote ndani yake. Ukikaribia 1, bei imenyooka. Ukikaribia 0, imezungukazunguka pale pale.

```python
d = close.diff()
er = close.diff(20).abs() / d.abs().rolling(20).sum()
sd = d.rolling(12).std()
fujo = sd / sd.rolling(500).median().shift(1)
```

Sasa tazama mishumaa 20 ya saa moja moja. Bei imepanda pipsi 48, na jumla ya hatua ni pipsi 112. Uwiano ni 0.43. Kizingiti chako ni 0.40, kwa hivyo lebo ni trendi. Mshumaa unaofuata unapanda pipsi 2. Lakini ule wa zamani kabisa, uliopanda pipsi 9, unatoka dirishani. Umbali sasa ni 41, jumla ni 105, uwiano ni 0.39. Roboti inatangaza renji na kufunga biashara, ilhali bei imezidi kupanda! Habari iliyobadili lebo ni ya saa 20 zilizopita.

Wengi hujibu kwa kungoja mishumaa mitatu ithibitishe. Inasaidia kidogo tu, kwa sababu dirisha la sasa na lililotangulia yanashirikiana hatua 19 kati ya 20. Huo si ushahidi wa mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja kuulizwa mara tatu.

Dawa ni vizingiti viwili. Ingia trendi uwiano ukivuka 0.40, na usitoke mpaka ushuke chini ya 0.25. Katikati, lebo inabaki ilivyokuwa. Ile 0.39 yetu haibadilishi chochote.

Kwa nini 0.25? Kwa sababu bei inayokwenda kwa bahati tu hutoa uwiano wa wastani wa karibu 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Kwa hatua 20 ni kama 0.22. Kwa hatua 10 ni kama 0.32, na hapo ndipo watu huumia: wanafupisha dirisha "liwe kali zaidi" bila kugusa vizingiti. Kizingiti cha kutoka kinakuwa chini ya wastani wa bahati tupu, na roboti inakwama kwenye trendi. Hata kwa hatua 20, bahati tupu huvuka 0.40 karibu mara 15 katika 100. Kipimo hiki hakitofautishi trendi changa na bahati, na sijaona kinachofanya hivyo kwa uhakika.

Msukosuko una kipaumbele juu ya lebo zote mbili: `fujo`, yaani msukosuko wa mishumaa 12 ukigawanywa kwa wastani wake wa kati, ikizidi 2, usifungue biashara mpya mpaka irudi chini ya 1.5. Wastani wa kati uwe wa mishumaa iliyopita pekee, si wa data nzima, la sivyo jaribio lako linachungulia kesho. Tena soma mishumaa iliyofungwa tu. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri kwetu, au saa kumi na nusu wakati wao wa baridi, na `fujo` itapanda baada ya pigo kupita. Kwa hizo tumia kalenda.

Linalobaki ni biashara iliyo wazi lebo inapobadilika. Kanuni za renji zikikuta bei iko juu sana ya wastani, zitauza, na kwenye akaunti ya MT5 ya aina ya `netting` kuuza huko kutapunguza au kufunga ununuzi uliofunguliwa na kanuni za trendi, kwani kila jozi ina nafasi moja tu. Tumia akaunti ya `hedging`, uipe kila kanuni nambari yake ya `magic`, tuseme 1001 kwa trendi na 1002 kwa renji, na biashara isimamiwe hadi mwisho na kanuni iliyoifungua. Lebo mpya iamue biashara mpya tu.

Kisha sogeza 0.40 iwe 0.36, halafu 0.44, ujaribu upya kwa data ya zamani. Faida ikitoweka kwa mojawapo, hukuwa umepata hali ya soko. Ulikuwa umeikariri ile data.