Masurufu ya safari: nani anamdai nani?

Afisa akirudi safari na kujaza fomu ya marejesho ya masurufu, yaani fedha alizopewa kabla ya kuondoka, mara nyingi mstari wa mwisho husema ofisi inamdai au yeye anaidai ofisi, na mara nyingi zaidi mstari huo una makosa. Sababu ni kuchanganya fedha za aina mbili ambazo kila moja ina ushahidi wake.

Aina ya kwanza ni posho ya kujikimu. Hii hulipwa kwa kiwango, kwa hiyo sisi tunaokagua fomu hatukuulizi risiti ya hoteli wala ya chakula. Ukilala kwa bei nafuu, kinachobaki ni chako. Tunachotaka kuona ni kwamba kweli ulilala nje ya kituo chako cha kazi, na ulilala usiku ngapi. Aina ya pili ni gharama halisi, kama mafuta, nauli na kunakili makabrasha. Hizo hazina kiwango kilichopangwa. Unarejeshewa kile tu ambacho risiti inaonyesha.

Nichukue mfano wa kufundishia. Afisa wa Dodoma alipewa masurufu ya kwenda Mbeya kuendesha mafunzo, akitarajiwa kuondoka Jumapili na kurudi Jumamosi. Tuseme kiwango chake ni shilingi 120,000 kwa usiku. Alipewa posho ya usiku 6, yaani 720,000, mafuta 300,000 na makabrasha 80,000. Jumla ni 1,100,000. Posho ya dereva ilikuwa kwenye masurufu ya dereva mwenyewe, kwa hiyo tuiache.

Mafunzo yaliisha mapema, akarudi Ijumaa jioni. Kwenye fomu aliandika posho 720,000, mafuta 340,000, makabrasha 80,000 na kuziba pancha 15,000, jumla 1,155,000. Akahitimisha kwamba anaidai ofisi 55,000.

Tukaanza na posho, kwa sababu ndiko fedha nyingi ziliko. Afisa alihesabu siku, Jumapili hadi Ijumaa, akapata 6. Lakini kiwango ni cha usiku, na usiku aliolala nje ni 5 tu. Kisha barua ya mwaliko, ambayo yeye mwenyewe aliiambatisha, ilisema mwenyeji atagharamia malazi ya usiku wa Jumatano na Alhamisi. Tuseme kanuni ya ofisi yake hulipa nusu ya kiwango pale malazi yanapolipwa na mwingine. Basi anastahili 120,000 mara 3, na 60,000 mara 2, jumla 480,000. Ninasisitiza barua ya mwaliko kwa sababu ndiyo nyaraka inayosahaulika kusomwa kuliko zote, na bila kuisoma ofisi hulipia malazi ambayo mwenyeji ameshayalipia.

Mafuta yalikuwa na risiti tatu za EFD: 160,000, 140,000 na 40,000. Zote ni halali. Namba za uhakiki zilikubali kwenye ukurasa wa TRA. Hata hivyo, risiti halali si lazima iwe ya safari hiyo. Ile ya 40,000 ilikuwa ya Jumamosi asubuhi, wakati kitabu cha safari za gari kinaonyesha gari liliegeshwa ofisini tangu Ijumaa jioni. Tuliikataa, tukabaki na 300,000.

Makabrasha yalikuwa sawa. Pancha haikuwa kwenye bajeti, na fundi wa kando ya barabara Makambako hana mashine ya EFD. Tuliikubali kwa sababu fundi aliandika jina, namba ya simu na saini, dereva alithibitisha, na mkuu wa idara aliidhinisha kwa maandishi. Kama idhini isingekuwapo, afisa angeibeba mwenyewe.

Kwa hiyo matumizi yanayokubalika ni 480,000, 300,000, 80,000 na 15,000, yaani 875,000. Yatoe kwenye masurufu ya 1,100,000 na utapata 225,000. Afisa ndiye anayedaiwa.

Kabla ya kumwambia, tulijihakiki kwa njia nyingine. Kutoka kudai 55,000 hadi kudaiwa 225,000 ni tofauti ya 280,000. Tulichokikata ni posho 240,000 na mafuta 40,000, nayo ni 280,000. Pande hizi mbili zisipolingana, kuna kiasi kilichokatwa mara mbili au kimesahaulika, na ni bora kukitafuta kabla ya kumdai mtu.

Afisa huyo anapewa kumbukumbu namba ya malipo, analipa benki au kwa simu, na stakabadhi inaambatishwa kwenye fomu ndipo jina lake lifutwe kwenye rejista ya masurufu. Fedha taslimu mkononi mwa mhasibu haifungi deni. Nakili pia risiti za EFD mapema, maana karatasi yake hufifia, na risiti isiyosomeka tunalazimika kuihesabu kama haipo.