Asilimia 3 ya Oksijeni Isiyo ya Kweli: Dhana Potofu Kuhusu Kurekebisha Hewa ya Boila

Dhana: Kadiri oksijeni inavyopungua kwenye moshi, ndivyo boila inavyookoa gesi.

Ukweli: Hilo ni kweli hadi kiwango fulani tu. Kwa gesi asilia, oksijeni ya asilimia 3 kwenye moshi huashiria hewa ya ziada ya takriban asilimia 15, na hewa inayozidi hapo hubeba joto na kutoka nalo dohani. Lakini ukizidi kuipunguza, hufika mahali kaboni monoksaidi inapanda ghafla. Mahali hapo hutofautiana kati ya kichomeo na kichomeo, na kati ya mzigo mdogo na mkubwa, kwa hiyo hutafutwa kwa kupima kaboni monoksaidi katika kila mzigo, kisha oksijeni lengwa hupangwa juu yake kwa nafasi ya kutosha.

Dhana: Sensa ya oksijeni ikisoma asilimia 3, basi tanuru nalo lina asilimia 3.

Ukweli: Sensa huonja moshi wa pale ilipofungwa, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Katika boila ambayo mgandamizo wa ndani uko chini ya ule wa nje, hewa hufyonzwa kupitia nyufa, milango isiyofunga vizuri na viungo vya mifereji ya moshi. Hewa hiyo haikupita kwenye moto, lakini sensa huihesabu.

Tuseme lengo ni asilimia 3, na sehemu moja kati ya kumi ya moshi unaofika kwenye sensa ni hewa iliyovuja. Hewa hiyo peke yake huchangia karibu asilimia 2.1, hivyo moshi halisi wa tanuru una oksijeni ya takriban asilimia 1 tu. Mfumo unaorekebisha hewa kwa kufuata sensa huridhika kwa sababu lengo limefikiwa, ilhali ni wenyewe uliobana hewa kufikia hali hiyo, na ufa ukipanuka utaendelea kubana hadi moto ukose hewa. Dalili yake ni kaboni monoksaidi kupanda huku oksijeni ikionekana nzuri, au marekebisho kung'ang'ania kikomo cha kupunguza hewa. Pima kwa kifaa cha mkononi pale moshi unapotoka kwenye tanuru na tena karibu na sensa. Oksijeni ikiongezeka njiani, kuna uvujaji. Kwa sababu hiyo marekebisho huwekewa kikomo chembamba, na sensa ikiharibika, hewa hurudi kwenye uwiano wa msingi uliopangwa bila marekebisho.

Dhana: Moto ukikosa hewa, fungulia hewa haraka.

Ukweli: Tanuru huwa tayari limejaa gesi isiyoungua, na hewa ya ghafla hukamilisha mchanganyiko unaoweza kulipuka. Kinachopunguzwa ni gesi, taratibu, hadi uwiano urejee. Pale tu gesi isipoweza kupunguzwa ndipo hewa huongezwa, nayo polepole.