Kodeki: kinachotokea kati ya simu na hedifoni ya Bluetooth

Likizo iliyopita mpwa wangu alipakua programu ya kinanda kwenye simu, akavaa hedifoni zake za Bluetooth ili asitupigie kelele, akaanza kujifunza nyimbo za taarabu. Haikupita nusu saa akaniletea simu. "Mjomba, hiki kinanda kibovu. Nagonga sasa hivi, kinalia baadaye."

Nilivaa hedifoni nikagonga kibao kimoja. Kweli, sauti ilikuja nyuma ya kidole. Nikachomeka hedifoni ya waya, nikagonga tena, na safari hii kidole na sauti vikaenda pamoja. Kinanda kilikuwa kizima na simu nzima. Kasoro ilikuwa njiani.

Ndani ya simu, muziki ni mfululizo wa namba. Kwa kiwango cha sidii, kila sekunde moja hukatwa sampuli 44,100, kila sampuli huandikwa kwa biti 16, na yote hufanywa mara mbili, kwa sikio la kulia na la kushoto. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. Waya haujali wingi huo, kwa sababu simu hugeuza namba kuwa umeme wa sauti kabla haujatoka. Bluetooth lazima irushe namba zenyewe hewani.

Redio ya Bluetooth ya kawaida, hali ikiwa nzuri kabisa, hupitisha kilobiti zipatazo 2,100 kwa sekunde. Utasema basi nafasi ipo. Ipo kwenye karatasi. Redio hiyo iko kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako pia kuna waifai za jirani na maikrowevu ya jikoni, na mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, huyameza masafa hayo vizuri sana. Ndiyo maana simu iliyo mfuko wa nyuma hukatiza muziki zaidi kuliko iliyo mfuko wa shati. Bluetooth hujikinga kwa kurukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, na kifurushi kikipotea hukirudia. Ili kuwe na muda wa kurudia, muziki hauwezi kuijaza njia yote. Lazima upunguzwe kwanza.

Hapo ndipo kodeki inapoingia. Ni kanuni ya kufunga na kufungua mzigo: simu inaufunga muziki uwe mdogo, hedifoni inaufungua. Pande zote mbili lazima ziijue kanuni moja. Kwa kusikiliza muziki, kila kifaa cha Bluetooth cha kawaida kinalazimika kuijua kodeki iitwayo SBC, kwa hiyo simu na hedifoni zisipopata nyingine wanayoijua wote, hurudi kwenye hiyo. Ndiyo maana hedifoni iliyoandikwa LDAC, kodeki ya Sony, kwenye boksi, ukiiunganisha na simu isiyo na LDAC, haikupi LDAC.

Tuitazame SBC kwa karibu, maana ndiyo wengi wetu tunayoisikia bila kujua. Inachukua sampuli 128 kwa mkupuo, ambazo ni milisekunde 2.9 tu za muziki, inazigawa katika mikanda minane kuanzia besi hadi sauti nyembamba, kisha inagawa biti. Mkanda wenye nguvu hupata biti nyingi, ulio hafifu hupata chache. Kwa mpangilio wa ubora wa juu uliozoeleka, mkupuo huo hubaki baiti 119, na ukipiga hesabu kwa sekunde nzima unapata kilobiti 328. Yaani chini ya robo ya ule mzigo wa mwanzo.

Kinachopotea si noti wala besi. Ni usahihi. Mkanda uliopewa biti chache huandikwa kwa makadirio, na makosa ya makadirio husikika kama vumbi dogo la kelele lililojificha nyuma ya muziki. Sauti kubwa inapokuwapo karibu, sikio halilioni vumbi hilo. Likitaka kukutokea, litatokea kwenye kayamba au njuga za tari, ambako nguvu imetawanyika kwenye mikanda ya juu yote kwa pamoja na biti hazitoshi kila mahali. Badala ya "ch-ch-ch" iliyokatika vizuri unasikia kitu kama mafuta yanayokaangwa kwa mbali. Na kama wimbo wenyewe ulishabanwa ulipowekwa mtandaoni, hapo unabanwa mara ya pili, makosa juu ya makosa.

Kodeki ya AAC hufanya kazi hiyohiyo kwa akili zaidi: inachunguza ni kipi sikio lisingekisikia hata hivyo, kisha inakiacha. Kwa simu za Apple ndiyo ya kawaida, na hufanya vizuri. Kwenye Android ubora wake hutegemea mtengenezaji wa simu ameiwekaje, kwa hiyo usishangae simu mbili zenye AAC zisilie sawa. aptX ya kawaida hutumia kilobiti 352. LDAC ya Sony ina ngazi tatu, 330, 660 na 990, na watu hupenda kulazimisha 990. Nyumbani, simu ikiwa mezani mbele yako, inakubali. Ukitoka ukaingia stendi yenye watu na simu mia, hiyo 990 haiachi nafasi ya kurudia kilichopotea, na muziki unaanza kukatika. Binafsi naiacha ijichagulie ngazi.

Halafu, msimamo wangu kuhusu ubora: kati ya SBC iliyopangwa vizuri na LDAC, watu wengi barabarani hawataona tofauti, ila wataona tofauti kati ya hedifoni na hedifoni. Ya Bluetooth hubeba ndani yake amplifaya yake na mpangilio wake wa besi na treble. Zipo ambazo ukizichomeka waya zinalia kavu kuliko zilivyokuwa hewani, na watu huilaumu kodeki, kumbe waya umeuruka ule mpangilio wa ndani.

Turudi kwenye kinanda cha mpwa wangu. Tuliamua kupima. Nikaweka simu ya pili mezani ikirekodi, kikombe kimoja cha hedifoni nikakigusisha na maiki yake, naye akagonga kioo kwa ukucha ili mlio wa kugonga wenyewe usikike. Rekodi tukaifungua kwenye programu ya sauti ya Audacity. Inaonyesha vilele viwili: cha kwanza ni ukucha, cha pili ni noti. Unapima umbali kati yake. Kwa waya tulipata kama milisekunde 70, kwa kuwa kioo na simu navyo vina uvivu wao. Kwa Bluetooth tulipata kama 290. Kwa hiyo njia ya hewani peke yake ilikula 220. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama kinanda kiko mita 75 kutoka kwako na unakipiga kwa kamba.

Sasa hizo 220 zimetoka wapi? SBC hukusanya milisekunde 2.9 tu kwa mkupuo. Simu hupanga mikupuo kadhaa katika kifurushi kimoja, na hapo labda imefika 15 au 20. Kurusha hewani ni milisekunde chache. Karibu zote zilizobaki ziko ndani ya hedifoni, kwenye bafa. Bafa ni akiba: hedifoni haipigi muziki unapofika, inauweka kwanza kwenye foleni, ili kifurushi kikipotea na kurudiwa, foleni iwe bado ina cha kupiga. Ni kama mama ntilie anayepika sufuria ya pili kabla ya ya kwanza kuisha. Akiba kubwa, hakuna kukatika, lakini kila unachosikia ni cha zamani kidogo.

Kwa hiyo kubadili kodeki peke yake hakuokoi sana. Tulijaribu AAC, ambayo hukusanya sampuli 1,024 kwa mkupuo, yaani milisekunde 23, na kinanda hakikuwahi kufika mapema. Kodeki hubadili ucheleweshaji pale tu watengenezaji wanapoifunga pamoja na bafa ndogo. aptX Low Latency ilifanya hivyo na kushusha jumla hadi kama milisekunde 40, lakini ilihitaji simu na hedifoni zote ziwe nayo.

Hedifoni za mpwa wangu zilikuwa na ile hali ya gemu, ya kugusa mara tatu. Tukaiwasha, kipimo kikashuka hadi 150 hivi. Kijana akafurahi, akaenda jikoni huku simu akiiacha sebuleni, na muziki ukaanza kukatikakatika, jambo ambalo awali halikutokea. Hali ya gemu haikubadili redio wala kodeki. Ilipunguza akiba.

Akauliza swali zuri: mbona video huwa hazina shida, midomo na maneno vinakwenda sawa? Kwa sababu programu ya video inajua kuna ucheleweshaji, na inazichelewesha picha kwa kiasi hichohicho. Filamu imekwisha kurekodiwa, inaweza kusubiri. Kidole chako hakisubiri, na programu haiwezi kujua utagonga kibao gani robo sekunde ijayo.

Kasoro mbaya kuliko zote nimeiacha mwisho, kwa kuwa watu huiita "kodeki mbovu" na ina sababu nyingine. Unasikiliza muziki vizuri, unaingia kwenye mkutano wa video au gemu yenye maongezi, na ghafla muziki unageuka kuwa wa redio ya mkulima, mwembamba. Maiki ya hedifoni imefunguka. Njia ile ya muziki huenda upande mmoja tu, kutoka simu kwenda sikioni, kwa hiyo hedifoni inahamia njia ya simu za maongezi, yenye sampuli 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa zilizo bora, na bila kulia wala kushoto. Sampuli 8,000 hazibebi chochote kilicho juu ya hezi 4,000, na sehemu kubwa ya mlio wa kayamba iko juu ya hapo. Kwenye kompyuta utaiona kwa jina Hands-Free. Chagua maiki ya kompyuta yenyewe badala ya ya hedifoni, na muziki utarudi palepale. Mfumo mpya wa LE Audio, wenye kodeki ya LC3, umeundwa kupitisha sauti nzuri pande zote mbili kwa wakati mmoja, mradi vifaa vyote viwili viwe nao.

Ukitaka kuona unatumia kodeki gani kwenye Android, ndani ya Settings gonga Build number mara saba, ingia Developer options, tafuta Bluetooth audio codec huku hedifoni imeunganishwa. Mpwa wangu aliikuta SBC. Aliitazama kidogo, akaufunga ukurasa, akaenda dukani kununua waya wa kinanda.